Hali ya hewa, hatua na miadi kwenye uso mmoja wa Apple Watch

*Habari mtaalamu. Nimenunua Apple Watch Series 5 iliyotumika, ina watchOS 10, nimeiunganisha na iPhone 11 yenye iOS 17. Ninauza dawa, kutwa nazunguka Mombasa kuonana na wateja, na nataka nikitupa jicho mkononi nione vitu vitatu tu: hali ya hewa, hatua nilizotembea na miadi inayofuata. Nimeshindwa. Hatua sizioni kabisa kwenye orodha. Hali ya hewa inaniambia 84. Miadi inasema sina kitu, na kalenda yangu ya Google imejaa kuanzia asubuhi hadi jioni. Halafu nikishusha mkono baadhi ya maandishi yanapotea. Je, saa ni mbovu, au mimi ndiye sijui?*

Saa yako ni nzima, ndugu yangu. Kila ulichoeleza kina sababu yake, na sababu zenyewe hazifanani, ndiyo maana kuhangaika na uso wa saa peke yake hakujakusaidia.

Visehemu vidogo vinavyoonyesha habari kwenye uso wa saa huitwa Complications kwenye menyu. Hapa nitaviita vidirisha, kwa sababu kazi yao ni hiyo tu. Kidirisha hakina akili wala kumbukumbu yake. Kinachungulia ndani ya programu fulani na kuonyesha ilichonacho. Programu ya kalenda ikiwa tupu, kidirisha cha miadi kitakuwa kitupu hata ukibadilisha nyuso zote zilizomo ndani ya saa. Kwa hiyo kabla ya kulaumu kidirisha, fungua programu yake humo humo kwenye saa. Habari ikikosekana huko, tatizo liko nyuma zaidi, mara nyingi kwenye simu.

Tuanze na uso wenyewe. Kwa mahitaji yako chagua Modular, na ukiona jina Infograph Modular, mpangilio wake ni huohuo. Una nafasi tano: ndogo moja juu kushoto, pana moja katikati, na ndogo tatu chini. Hiyo pana ndiyo inayokufaa, kwa sababu miadi ni maneno, na maneno yanataka nafasi. Hatua na joto ni tarakimu, zinatosha kwenye duara dogo. Watu wengi huchagua uso wa mishale kwa sababu unapendeza, kisha wanajaribu kubana miadi kwenye kona na kushangaa haiandikiki. Kila nafasi ina umbo lake, na mtengenezaji wa programu huamua kidirisha chake kinakuja kwa maumbo yapi. Ndiyo maana kitu unachokiona kwenye orodha ya nafasi moja kinaweza kukosekana kwenye orodha ya nafasi ya jirani yake.

Kuupanga uso ni hivi: bonyeza kioo na ushikilie mpaka uso upungue ukubwa, gusa Edit, telezesha kidole kwenda kushoto hadi ufike ukurasa wa mwisho wa Complications. Gusa nafasi unayotaka kuijaza, zungusha gurudumu la pembeni mpaka ufikie programu, uchague. Ukimaliza bonyeza gurudumu mara mbili. Kazi hiyo hiyo inafanyika kwenye iPhone ndani ya programu ya Watch, na kwa vidole vikubwa kama vyangu huko ndiko kwepesi zaidi.

Weka Calendar katikati, na ukipewa uchaguzi chukua Your Schedule. Sasa tuingie kwenye kiini cha shida yako.

Programu ya Google Calendar uliyopakua kwenye iPhone na programu ya Calendar iliyokuja na simu ni vyombo viwili tofauti. Unaweza kuwa na miadi ishirini kwenye ya Google na ile ya Apple isijue hata mmoja. Kidirisha cha Calendar kwenye saa kinachungulia hii ya pili. Dawa yake ni kuiingiza akaunti yako ya Google ndani ya simu yenyewe: Settings, kisha Calendar, kisha Accounts, Add Account, Google. Ukishaingia, hakikisha swichi ya Calendars imewashwa. Ile ya barua pepe unaweza kuiacha. Siku ukipandisha simu hadi iOS 18, menyu hii utaikuta imehamia ndani ya Apps. Baada ya hapo fungua Calendar kwenye iPhone na usubiri miadi ijae. Ikijaa kwenye simu, fungua programu ya Watch, ingia Calendar, na uangalie kama saa imewekwa kufuata simu au imewekwa Custom. Kama ni Custom, orodha ya kalenda itatokea na kila unayoitaka lazima iwe na alama. Saa iliyounganishwa upya kwa kutumia nakala ya zamani mara nyingine hubaki na uchaguzi wa zamani, na kalenda mpya uliyoongeza haimo.

Kuna jambo la pili ambalo litakusumbua wiki ijayo kama sitakuambia leo. Akaunti ya Google iliyoingizwa kwa njia hii haisukumiwi habari papo hapo. Simu ndiyo inayokwenda kuzichukua kwa vipindi. Tazama hapo hapo kwenye Accounts, chini kabisa kuna Fetch New Data. Kama imewekwa Automatically, simu huzichukua kwa nyuma pale tu inapochajiwa na ikiwa kwenye Wi-Fi. Mtu anayezunguka mjini kwa data ya simu hapati kitu mpaka arudi nyumbani. Kama ni Manually, mpaka ufungue kalenda mwenyewe. Weka Every 15 Minutes. Betri italiwa kidogo, lakini wewe riziki yako iko kwenye hiyo kalenda.

Tuseme saa 9:40 asubuhi, kwa hesabu ya saa yako ya mkononi, mwenzako ofisini anakuwekea miadi ya 11:00 kwa kompyuta. Simu yako ilichukua habari mara ya mwisho 9:35. Itachukua tena karibu 9:50, kisha itaipitishia saa. Ukitazama mkono 9:42 na kuona miadi ya 2:00 alasiri ndiyo inayofuata, hakuna kilichoharibika. Kama una haraka, fungua Calendar kwenye simu, gusa Calendars chini, na uivute orodha kwenda chini. Hapo simu inalazimishwa kwenda kuchukua sasa hivi.

Na ikiwa kalenda yako mwenyewe inaonekana lakini ile mnayochangia ofisini haionekani, tatizo liko upande wa Google. Kalenda za kuchangia zina ruhusa yao tofauti ya kuingia kwenye vifaa vya Apple, na ukurasa wake umefichika kiasi kwamba wengi hawajawahi kuuona. Fungua anwani hii kwenye kivinjari ukiwa umeingia kwa akaunti hiyo ya kazi:

```
calendar.google.com/calendar/syncselect
```

Weka alama kwenye kalenda unazotaka, hifadhi, kisha zivute tena kwenye simu kama nilivyoeleza.

Jambo dogo la uandishi, lakini linaleta tofauti kubwa kwenye kioo kidogo: neno la maana litangulie. Kidirisha kinakata mstari unapofika ukingoni. Ukiandika "Mkutano wa kujadili oda mpya na duka la Kisauni", utasoma "Mkutano wa kujadili" na hutajua uende wapi. Andika "Kisauni – oda mpya", na mahali kamili uweke kwenye nafasi yake ya Location.

Sasa hatua. Hukuziona kwenye orodha kwa sababu hazimo. Kwenye watchOS 10, Apple hawana kidirisha chao cha idadi ya hatua. Wana Activity, zile duara tatu za mwendo, mazoezi na kusimama, na kwa miaka yote falsafa yao imekuwa kwamba duara zinakutosha. Mimi sikubaliani nao, maana mtu wa kazi yako anataka tarakimu, lakini ndivyo walivyoamua. Hatua zenyewe saa inazihesabu muda wote: fungua Activity, shuka kwa gurudumu, utazikuta zimeandikwa chini ya duara. Kinachokosekana ni kidirisha tu.

Kwa hiyo utahitaji programu ya mtu mwingine. Zipo nyingi kwenye App Store. Pedometer++ ni mojawapo ya kongwe, imekuwepo tangu 2013. Kabla ya kulipia yoyote, soma chini ya ukurasa wake inahitaji watchOS ipi, kwa sababu Series 5 inaishia watchOS 10 na haitapanda zaidi. Baadhi ya programu mpya zitakukataa, na hilo halina dawa.

Ukishapakua kwenye simu, hakikisha imeingia pia kwenye saa: programu ya Watch, shuka mpaka Available Apps, gusa Install. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, ifungue mara moja kwenye simu na mara moja kwenye saa kabla ya kugusa uso. Inapofunguliwa ndipo inapoomba ruhusa ya kusoma hatua zako. Ukiiweka usoni bila kuifungua, utapata sifuri au vistari. Kama uliwahi kukataa ruhusa bila kujua, fungua Health kwenye iPhone, gusa picha yako juu, ingia Apps, chagua programu hiyo na uwashe Steps. Na kwa kuwa saa yako imetoka mkononi mwa mtu mwingine, angalia pia ndani ya programu ya Watch, Privacy, kwamba Fitness Tracking imewashwa.

Sasa tarajia kitu kimoja. Tarakimu ya hatua kwenye uso haitapanda kila unapoinua mguu. watchOS huzipimia programu hizi nafasi za kuamka kwa nyuma ili betri isiishe kabla ya adhuhuri. Programu yenye kidirisha kwenye uso unaoutumia hupewa kama mara 4 kwa saa. Maana yake ni kwamba unachokiona kinaweza kuwa kimechelewa kwa robo saa hivi. Ukishuka kwenye matatu na kutembea dakika kumi, halafu ukatazama, huenda namba ikawa ileile ya kabla ya kushuka. Namna ya kupambanua ucheleweshaji na ubovu ni rahisi: linganisha na Activity. Activity ikisema 6,240 na kidirisha kikasema 5,900, ni ucheleweshaji tu, na ukikigusa kidirisha programu itafunguka na kujisahihisha. Activity ikisema 6,240 na kidirisha kikabaki 0 tangu asubuhi, rudi kwenye ruhusa.

Utasikia watu wakikushauri uwashe Background App Refresh. Hiyo ni ya programu ambazo hazimo usoni. Apple wenyewe wameandika kwenye ukurasa huo huo wa mpangilio kwamba programu yenye kidirisha kwenye uso wa sasa itaendelea kujisasisha hata kama swichi yake imezimwa. Kinachozuia kweli ni Low Power Mode. Series 5 iliyotumika aghalabu betri yake imechoka, na mwenyewe huiweka kwenye hali hiyo kutwa nzima. Ukiona kiduara cha manjano juu ya uso, ujue saa imepunguza kasi ya kusasisha kila kidirisha, na kioo kinazimika kabisa unaposhusha mkono. Kwa kazi yako afadhali uichaji nusu saa mchana kuliko kuishi ndani ya hali hiyo.

Swali lingine litakujia ukishaona namba: kwa nini simu inasema nyingine na saa nyingine? Vyote viwili vinahesabu. Ukiacha simu kwenye gari na kutembea hadi dukani, saa peke yake ndiyo iliyoziona hatua hizo. Health haijumlishi hesabu mbili za muda mmoja, inachagua chanzo kimoja kwa kila kipindi kulingana na orodha ya kipaumbele. Fungua Health, Steps, shuka hadi Data Sources & Access, gusa Edit, na uhakikishe Apple Watch iko juu ya iPhone. Programu ya hatua inayosoma moja kwa moja kutoka kwenye kihisi badala ya Health itatofautiana kidogo, na hilo liache lilivyo.

Hali ya hewa ndiyo nyepesi kuliko zote. 84 ni joto sahihi la Mombasa, ila liko kwa Fahrenheit, sawa na nyuzi 29 hivi za Selsiasi. Saa inafuata kipimo cha simu, kwa hiyo usitafute kwenye saa. Kwenye iPhone ingia Settings, General, Language & Region, kisha Temperature, chagua °C. Kama haikubadilika, fungua programu ya Weather kwenye simu, nenda kwenye orodha ya miji, gusa vidoti vitatu, na uone kama hapo kimechaguliwa kipimo kingine. Kwa kidirisha, mimi ningechukua cha Temperature kwenye duara la chini kushoto: kinaonyesha joto la sasa katikati, na pembeni la chini kabisa na la juu kabisa la siku. Msimu wa masika unaweza kubadilisha ukaweka kile cha mvua.

Siku utakapoona joto la mji mwingine, au vistari viwili, angalia mahali. Kwenye iPhone, Settings, Privacy & Security, Location Services, utakuta Weather na pia Apple Watch Faces; zote mbili zinahitaji ruhusa. Halafu kwenye saa, Settings, Weather, uone kama mji wa msingi ni ulipo sasa au umebandikwa mji mmoja. Kama saa yako si ya laini na simu umeiacha nyumbani bila Wi-Fi karibu, hali ya hewa itabaki ya mwisho iliyopatikana. Hatua zitaendelea kuhesabiwa, na miadi iliyokwisha kuingia itabaki, kwa sababu hizo zinakaa ndani ya saa.

Kuhusu maandishi yanayopotea ukishusha mkono: Series 5 ndiyo Apple Watch ya kwanza yenye kioo kisichozimika, na kuna swichi inayoficha yaliyomo ili jirani yako kwenye matatu asisome. Kwenye saa, Settings, Display & Brightness, Always On, Show Complication Data. Ikiwa imezimwa, vidirisha hufichwa mpaka uinue mkono. Unaweza kuiwasha kwa vyote, au uchague kimoja kimoja. Kwa mtu anayekaa mezani na wateja tofauti, ningewasha hali ya hewa na hatua, nikaacha Calendar imefichwa. Mteja wa saa tano hana haja ya kujua unayekwenda kumwona saa nane. Vilevile saa ikifungwa kwa nenosiri, kama unapoivua mkononi, vidirisha vyenye siri havisomeki. Hilo halihusiani na swichi hii.

Umebakiwa na nafasi mbili. Ya juu kushoto weka betri, kwa umri wa saa yako utaihitaji. Ya chini kulia nina pendekezo ambalo utacheka kwanza. Kalenda itakuandikia 10:00 na wewe umemwambia mteja "saa nne". Kuna watu wanaobadilisha majira ya saa nzima ili isome Kiswahili, na kila miadi inasogea kwa saa sita, usithubutu. Badala yake fungua World Clock, ongeza Buenos Aires, na uweke kidirisha chake hapo. Argentina iko nyuma yetu kwa saa sita kamili na haibadilishi majira mwaka mzima, kwa hiyo 10:00 ya Mombasa ni 4:00 kwao, yaani saa nne yetu. Tumia mpangilio wa saa 12, la sivyo kuanzia saa moja usiku itakuandikia 13. Na kama herufi za mji huo zinakukera, programu ya Watch, Clock, City Abbreviations, unaweza kuzifuta na kuandika unachotaka. Yangu imeandikwa PWN.